Ruta ya nyumbani: badilisha neno la siri la msimamizi



Familia nyingi zinazofika hapa DeSoto huwashwa intaneti katika wiki za kwanza. Fundi anakuja au boksi linaletwa kwa posta, mnachomeka nyaya, taa zinawaka, watoto wanaandika neno la siri lililo kwenye kibandiko, simu zinashika, na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Kile kisanduku kinachotoa waifai, yaani ruta, kinawekwa nyuma ya televisheni na hakuna anayekigusa tena mpaka siku intaneti ikatike.

Somo la leo linahusu jambo moja ambalo mara nyingi hubaki bila kufanywa siku hiyo. Ruta ina neno la siri la pili, tofauti na lile la waifai. Katika ruta nyingi za zamani neno hilo linajulikana na dunia nzima, kwa sababu kiwanda kiliweka neno lile lile katika kila ruta kilichotengeneza. Tutaona neno hilo linafanya kazi gani, linaweza kuleta hasara gani, na namna ya kulibadilisha hatua kwa hatua.

Maneno mawili, kazi mbili

Neno la kwanza ni la waifai. Ndilo unalompa mgeni anapokuja kukutembelea, na linamruhusu kutumia intaneti yako. Tuliite neno la waifai.

Neno la pili linafungua ukurasa wa mipangilio ulio ndani ya ruta yenyewe. Mwenye neno hili anaweza kubadilisha jina la waifai, kulibadilisha neno la waifai, kuona vifaa vyote vilivyounganishwa, kumfungia mtu, na kuamua simu zenu zielekezwe wapi zinapotafuta tovuti. Tuliite neno la msimamizi.

Fikiria nyumba ya kupanga. Neno la waifai ni ufunguo wa mlango wa mbele. Neno la msimamizi ni mamlaka ya kubadilisha kufuli zote na kukata funguo mpya. Ukibadilisha neno la waifai peke yake na kuacha la msimamizi kama lilivyotoka kiwandani, mtu yeyote unayemruhusu kuunganishwa kwenye waifai yako anaweza kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio na kuibadilisha.

Hasara inaingiaje?

Mtu anaweza kuuliza: nani ana haja na ruta yangu, mimi sina kitu? Mwizi hatafuti ruta. Anatafuta njia ya kufika kwenye akaunti yako ya benki, kwenye ukurasa wa kulipia kodi ya nyumba, au kwenye akaunti yako ya `YourTexasBenefits.com` ambako mnaomba stempu za chakula na Medicaid.

Njia hiyo iko hivi. Unapoandika jina la benki kwenye simu, simu haijui benki hiyo iko wapi. Kwanza inauliza kitu kama daftari la namba, linaloitwa DNS: jina hili lina namba gani? Daftari linajibu kwa namba, na simu inakwenda kwenye namba hiyo. Anayeamua mwulize daftari gani ni ruta yenu. Kwa kawaida ni daftari la kampuni yenu ya intaneti. Lakini mtu akiingia kwenye ruta kwa neno la msimamizi, anaweza kuandika daftari lake mwenyewe. Kuanzia siku hiyo unaandika jina sahihi la benki, bila kukosea hata herufi moja, na unapelekwa kwenye ukurasa wa bandia uliochorwa ufanane na ule wa kweli.

Jambo hili limetokea, tena hapa Marekani. Mwezi Novemba 2011 FBI ilitangaza kukamatwa kwa watu 6 nchini Estonia, waliosambaza kirusi kilichoitwa DNSChanger. Kirusi hicho kilibadilisha daftari katika kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, na takriban laki 5 kati yake zilikuwa Marekani. Kikishaingia kwenye kompyuta moja, kilijaribu pia kuingia kwenye ruta ya nyumba hiyo kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani. Kikifaulu, hata simu ambazo hazikuwa na kirusi ziliongozwa vibaya. Watu hao walikuwa wamejipatia angalau dola milioni 14. Mwaka 2018 uhalifu wa aina hiyo ulionekana tena, hasa Brazil. Safari hii ruta zaidi ya 100,000 ziliingiliwa, na kurasa za bandia zilikuwa za mabenki.

Tazama kwamba mwizi hakuhitaji kusimama karibu na dirisha lako. Inatosha mtu mmoja nyumbani afungue tovuti mbaya, kwa mfano ya kutazama mpira bure. Ukurasa huo unaweza kuituma simu yake, ambayo tayari iko ndani ya nyumba, ijaribu neno la kiwandani kwenye ruta. Neno likiwa limebadilishwa, jaribio hilo linagonga mwamba.

Kwanza ujue ruta yako ni ya nani

Kabla ya kugusa kitu, geuza ruta usome kibandiko chake, kwa sababu hatua hazifanani.

Kama ruta ililetwa na AT&T, kibandiko kina neno la waifai na pia maneno `Device Access Code` yakifuatiwa na herufi na namba. Hilo ndilo neno la msimamizi. Kila ruta ina lake, kwa hiyo mtu wa mbali hawezi kulikisia. Hatari yake ni kwamba limeandikwa mahali ambapo kila mgeni anaweza kulipiga picha. Ukitaka kulibadilisha, fungua `http://192.168.1.254`, kisha `Device`, kisha `Access Code`.

Kama ni ya Spectrum na ni ya miaka ya karibuni, mipangilio yake hufanywa kwa programu ya simu iitwayo `My Spectrum`. Hapo neno la msimamizi ni lile la akaunti yako ya Spectrum. Linda akaunti hiyo: neno lake lisiwe lile unalotumia kwenye barua pepe. Na kama ndugu au jirani ndiye aliyekufungulia akaunti siku ulipofika, ingia ubadilishe neno hilo sasa.

Kwa ndugu zetu walioko Houston wanaotumia Xfinity, ukurasa wa ruta ni `http://10.0.0.1`. Katika boksi zao jina la kuingilia la kiwandani ni `admin` na neno la siri ni `password`. Kama hujawahi kulibadilisha, fanya hivyo.

Kundi la nne ndilo lenye hatari zaidi: ruta iliyonunuliwa kwa mtu, iliyotoka duka la vitu vilivyotumika, au mliyopewa kanisani au msikitini. Hiyo ndiyo tutakayoifanyia kazi sasa.

Mfano: ruta ya Netgear iliyotumika

Tuchukue familia ya watu sita. Wameona kwamba wakiwa na ruta yao wenyewe hawatalipia ya kukodi kila mwezi, wakanunua Netgear Nighthawk R7000 iliyotumika. Wanaichomeka, na jina la waifai la mwenye ruta wa zamani linatokea kwenye simu. Aliyewauzia amewaandikia neno la waifai kwenye karatasi, na intaneti inafanya kazi. Wanaona mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Yule muuzaji analijua neno la msimamizi. Pia hamjui ni mipangilio gani aliyoiacha ndani. Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu huu.

*Hatua ya 1: futa kila kitu.* Ruta ikiwa imewashwa, tafuta kitufe au kitundu kilichoandikwa `Reset`. Kibonyeze kwa ncha ya kibanio cha karatasi na uendelee kushika kwa sekunde 7 hadi 10, mpaka taa ya umeme ianze kuwakawaka. Achia, kisha subiri dakika kama tatu. Sasa ruta imerudi kama ilivyotoka kiwandani, na ya mwenye zamani yote yamefutika. Ruta ya kununua lazima uanze hapa. Ukibadilisha neno bila kufuta, unaweza kuwa umefunga mlango wa mbele huku dirisha la nyuma bado liko wazi.

*Hatua ya 2: unganisha.* Waya unaotoka kwenye modemu ya kampuni uchomeke kwenye tundu la ruta lililoandikwa `Internet`. Kwenye simu au laptopu chagua jina la waifai lililo kwenye kibandiko cha ruta, kisha andika neno la waifai lililo hapo hapo. Kama unatumia simu, zima data ya laini. Usipoizima, mara nyingi simu huona kwamba waifai bado haina intaneti, ikarukia laini ya simu, na ukurasa wa ruta ukakataa kufunguka.

*Hatua ya 3: fungua ukurasa wa ruta.* Fungua Chrome au Safari. Juu kabisa, pale panapoandikwa anwani, andika yote bila kuacha kitu:

```
http://www.routerlogin.net
```

Usipofunguka, jaribu namba hii:

```
http://192.168.1.1
```

Chrome inaweza kuonyesha juu maneno `Not secure`. Kwenye ukurasa huu hilo ni la kawaida, kwa sababu unazungumza na boksi lililo ndani ya nyumba yako, si na tovuti ya nje.

Ukiona matokeo ya utafutaji badala ya ukurasa wa kuingia, umeandika kwenye sehemu ya kutafutia. Rudi nyuma. Usibonyeze tovuti zinazojitokeza na kutoa namba ya simu ya "msaada wa ruta." Baadhi ya namba hizo ni za matapeli. Watakuomba uwaruhusu waingie kwenye kompyuta yako, kisha uwalipe dola mia kadhaa kwa kazi ambayo haikuhitaji malipo.

*Hatua ya 4: ingia.* Ruta itauliza jina na neno la siri. Kwenye Netgear ya namna hii, jina ni `admin` na neno la kiwandani ni `password`. Angalia vizuri: herufi zote ni ndogo, na simu hupenda kuikuza herufi ya kwanza yenyewe. Baada ya kufutwa, ruta inaweza kukutaka uweke neno jipya la msimamizi papo hapo pamoja na majibu ya maswali ya usalama. Ikifanya hivyo, ni vizuri. Weka neno jipya kisha ruka hadi hatua ya 6.

*Hatua ya 5: badilisha neno la msimamizi.* Bonyeza `ADVANCED`, kisha `Administration`, kisha `Set Password`. Utaona nafasi tatu. Ya kwanza ni ya neno la zamani, yaani `password`. Ya pili ni ya neno jipya. Ya tatu ni ya kurudia neno jipya. Bonyeza `Apply`. Jina `admin` litabaki hivyo hivyo. Halibadilishwi hapo, na si tatizo ikiwa neno la siri ni gumu.

*Hatua ya 6: hakikisha.* Toka kwenye ukurasa, funga Chrome kabisa, fungua tena, na ujaribu kuingia kwa neno la zamani. Lazima ukataliwe. Kisha ingia kwa jipya. Jaribio hili linachukua dakika moja, na ndilo linalokuonyesha kwamba kazi imeshika. Watu wengine hubonyeza mahali pengine kabla ya `Apply` na wakaondoka wakidhani wamemaliza.

*Hatua ya 7: tazama milango miwili mingine.* Wa kwanza: `ADVANCED`, kisha `Advanced Setup`, kisha `Remote Management`. Sehemu hii inaruhusu ruta kusimamiwa kutoka nje ya nyumba, popote duniani. Kisanduku cha kuiwasha kisiwe na alama. Wa pili: `BASIC`, kisha `Internet`. Shuka hadi sehemu ya `Domain Name Server (DNS) Address`. Ndilo lile daftari tulilolizungumzia. Chaguo liwe `Get Automatically from ISP`, yaani lichukuliwe kwa kampuni ya intaneti. Kama umefuta ruta kwenye hatua ya 1, yote mawili yatakuwa sawa tayari. Lakini zoea kuyatazama, kwa sababu hapo ndipo utakapogundua siku mtu akiingia.

*Hatua ya 8: mwisho, neno la waifai.* Nenda `BASIC`, kisha `Wireless`. Weka jina jipya lisilotaja ukoo wenu wala namba ya apatimenti. Kwenye `Security Options` chagua `WPA2-PSK [AES]`, kisha andika neno jipya la waifai, tofauti na la msimamizi. Ruta hii ina mawimbi mawili, kwa hiyo fanya hivyo kwenye sehemu zote mbili za ukurasa. Ukibonyeza `Apply`, simu yako na vifaa vyote vitakatika. Usiogope, hujaharibu kitu. Unganisha upya kila kifaa kwa neno jipya. Ndiyo maana tumeiacha hatua hii mwisho: ungeanza nayo, ungekatika kabla ya kumaliza mengine.

Neno jipya liwe la namna gani

Neno la msimamizi hutaliandika kila siku, pengine mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo liwe refu bila kujihurumia. Njia rahisi ni kuchukua maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana na kuyaunga kwa vistari na namba, kwa mfano `Jembe-mvua-kikapu-82-ndizi`. Hilo sasa limechapishwa hapa, usilitumie, tunga lako. Lugha ya nyumbani, kama Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge, inafaa pia, ila tumia herufi za kawaida tu.

Maneno mabaya ni yale ambayo jamii yetu yote inaweza kuyakisia. Jina la mtoto wa kwanza, namba ya simu, jina la kanisa, au jina la kambi pamoja na mwaka uliotoka, kama `Nyarugusu2016`. Watu wanaokufahamu wanayajua yote hayo, na mengi yako wazi kwenye ukurasa wako wa Facebook.

Liandike kwenye karatasi. Mwizi wa mtandaoni hawezi kuisoma karatasi iliyo ndani ya nyumba yako. Iweke kwenye bahasha ya nyaraka, pale zilipo I-94 na kadi za Social Security, na uandike juu yake "ruta, msimamizi" ili isichanganywe na neno la waifai. Usiibandike kwenye ruta. Usipige picha ya kibandiko au ya karatasi hiyo na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, hata kama unaomba msaada. Picha ikishaingia kwenye kundi la watu mia mbili, huwezi kuirudisha.

Wazazi, jambo moja zaidi. Katika nyumba nyingi kijana wa miaka 15 ndiye anayeijua Kiingereza na simu, na ndiye atakayefanya hatua hizi. Afanye, lakini baba au mama akae pembeni yake, naye ndiye atunze karatasi. Mwenye neno la msimamizi ndiye anayeamua intaneti ya mdogo wake izimwe saa ngapi usiku. Uamuzi huo ni wa mzazi.

Mambo yanayokwama, na dawa yake

*Nimesahau neno la msimamizi.* Rudi hatua ya 1, ufute, uanze upya. Kazi ni ya nusu saa, na hasara pekee ni kwamba vifaa vyote vitahitaji kuunganishwa tena. Lakini kama ruta ni ya kampuni, piga simu kwao kwanza kabla ya kubonyeza `Reset`, wakueleze kitakachofutika.

*Ukurasa haufunguki kabisa.* Huenda anwani ya ruta yako ni nyingine. Kwenye aifoni fungua `Settings`, kisha `Wi-Fi`, kisha bonyeza alama ya `i` kando ya jina la waifai yako. Namba iliyo mbele ya neno `Router` ndiyo anwani. Kwenye kompyuta ya Windows fungua `Command Prompt`, uandike:

```
ipconfig
```

Namba iliyo mbele ya `Default Gateway` ndiyo hiyo.

*Neno la kiwandani linakataliwa, ingawa sijabadilisha kitu.* Huenda mtu mwingine alilibadilisha: muuzaji, fundi, mwanao, au mwizi. Uliza nyumbani kwanza. Kama hakuna aliyefanya, futa ruta na ufuate hatua zote.

*Nimekuta daftari lina namba nisizozijua.* Hiyo ni dalili ya kweli ya kuingiliwa, isipokuwa kama mtu wa nyumbani aliziweka kwa makusudi. Namba kama `8.8.8.8` ya Google au `1.1.1.1` ya Cloudflare huwekwa na watu wengi kwa hiari na si za wizi. Kama huzitambui, futa ruta, fanya hatua zote, kisha badilisha neno la siri la benki na la barua pepe. Fanya hivyo kwa kutumia data ya laini ya simu, si waifai ile. Halafu piga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako.

*Simu inaonya kwamba tovuti ya benki si salama.* Onyo hili si sawa na lile la kwenye ukurasa wa ruta. Likitokea kwenye tovuti ya benki, simama hapo hapo, usibonyeze cha kuendelea. Mara nyingi ndiyo alama pekee utakayoipata kwamba umepelekwa kwenye ukurasa wa bandia.

*Mtu amenipigia akisema anatoka kampuni ya intaneti, anataka neno la siri.* Usimpe, na usibishane naye. Kata simu, kisha upige mwenyewe namba iliyo kwenye bili yako ya mwezi na uulize kama kuna shida. Unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili kabla ya kuendelea na mazungumzo.

Lisichoweza kukusaidia

Neno jipya la msimamizi linafunga mlango mmoja. Halikuzuii wewe mwenyewe kuandika namba ya Social Security kwenye ujumbe wa tapeli, na haliondoi kirusi kilichokwisha kuingia kwenye simu. Pia ruta ya zamani sana, ambayo kiwanda kimeacha kuitengenezea marekebisho, inaweza kuwa na matundu ambayo mwizi huingilia bila neno lolote. Kwenye Netgear yetu ya mfano, marekebisho yanatafutwa kwa kubonyeza `ADVANCED`, `Administration`, kisha `Router Update` au `Firmware Update`, halafu `Check`. Likiwepo jipya, likubali, na usiizime ruta mpaka imalize na kuwaka tena yenyewe. Kabla ya kununua ruta iliyotumika, tafuta namba yake ya aina kwenye tovuti ya kiwanda uone kama bado inapewa marekebisho.

Maswali ya kujipima

1. Mgeni anaomba waifai. Unampa neno lipi kati ya mawili?
2. Kwa nini ruta ya kununua kwa mtu inafutwa kwanza kabla ya kubadilisha neno?
3. Umebadilisha neno la msimamizi. Utajuaje kwamba limeshika?
4. Kwa nini neno la waifai linabadilishwa mwisho?

*Majibu:* (1) La waifai tu. La msimamizi halipewi mgeni. (2) Kwa sababu mwenye zamani anaweza kuwa aliacha ndani mipangilio ya kuingia kutoka nje, au daftari la DNS lisilo sahihi. (3) Toka, jaribu kuingia kwa neno la zamani, na uone umekataliwa. (4) Kwa sababu ukilibadilisha, vifaa vyote vinakatika, pamoja na kile unachofanyia kazi.

Ukikwama, usiniletee picha ya kibandiko. Andika kwenye karatasi jina la kampuni au kiwanda cha ruta, namba ya aina yake, na hatua uliyofikia, uje nayo ofisini. Tutakaa pamoja tuimalize, na neno jipya utaliandika wewe mwenyewe, mimi nikiwa nimetazama pembeni.